Uniti zilizobaki ni za nani? Mita ndogo na gharama za pamoja katika jengo la maduka, ofisi na makazi

Mama mmoja mwenye duka la vitenge aliniletea karatasi ya mwezi, akaikunjua juu ya kaunta na kuweka kidole kwenye mstari wa tatu. Mita ndogo ya duka lake ilisoma uniti 180. Chini yake paliandikwa "matumizi ya pamoja", uniti 269. "Fundi," akaniambia, "mimi hapa nina taa sita, feni mbili na kimashine cha risiti. Hizo mia mbili sitini na tisa nimezitumia wapi? Lifti yenyewe sijaipanda tangu nihamie."

Hakuwa amekosea. Duka lake liko chini kabisa, na juu yake kuna ghorofa tano. Chini kuna maduka manane na mgahawa unaooka mikate. Ghorofa ya kwanza na ya pili ni ofisi, tatu kila ghorofa. Ya tatu hadi ya tano ni nyumba za kuishi, nne kila ghorofa. Jumla ni wapangaji 27, wote wakila umeme unaopita kwenye mita moja kuu ya TANESCO. Jengo liko Dar es Salaam. Namba zake nimezinyoosha kidogo ili hesabu ifuatike kwa urahisi, lakini kilichotokea ni hiki hiki ninachokieleza.

Tuanze na ankara, kwa sababu ugomvi mwingi wa mita ndogo huzaliwa na watu wasioijua. Jengo linalotumia wastani wa zaidi ya uniti 7,500 kwa mwezi kwa umeme wa volti 400 huingia kwenye kundi la T2. Katika viwango vya EWURA vya mwaka 2016, ambavyo ndivyo ninavyotumia hapa, T2 hulipa shilingi 195 kwa uniti, shilingi 15,004 kwa kila kVA ya kilele cha mwezi, yaani mzigo mkubwa kuliko wote ambao jengo liliuvuta kwa wakati mmoja, na ada ya huduma ya shilingi 14,233. Juu ya hapo huongezwa asilimia 18 ya kodi ya ongezeko la thamani, asilimia 3 ya nishati vijijini na asilimia 1 ya EWURA. Mwezi ule jengo lilitumia uniti 18,400 na kilele chake kilikuwa kVA 62. Uniti peke yake ni shilingi 3,588,000, kilele ni 930,248, ada ni 14,233. Ukiongeza asilimia 22 za tozo na kodi unapata kama shilingi 5,529,600. Gawa kwa 18,400, kila uniti imegharimu shilingi 300 na senti.

Mtu mwenye LUKU yake ya kawaida ya T1 hulipa 292, na baada ya kodi inakuwa 356. Ndiyo maana ukinunua umeme wa shilingi elfu kumi unapata uniti 28. Kwa hiyo mita moja kuu ina faida ya kweli kwa jengo la ukubwa huu: umeme unaingia kwa 300 badala ya 356. Swali la kwanza la haki ni nani anaichukua hiyo 56. Wapo wenye majengo wanaonunua kwa 300 na kuwauzia wapangaji kwa 400, na mpangaji hajui kwa sababu hajawahi kuonyeshwa ankara kuu. Msimamo wangu hapa haubadiliki: mpangaji alipe gharama iliyokuja, na nakala ya ankara ya TANESCO iambatane na karatasi yake kila mwezi. Mwenye jengo akitaka ada ya usimamizi, aiandike kwa jina lake kwenye mkataba, asiifiche ndani ya uniti.

Sasa turudi kwenye zile 269.

Msimamizi wa jengo alikuwa akifanya hesabu ambayo nimeikuta mahali pengi. Anasoma mita ndogo zote 27, anajumlisha, anatoa kwenye mita kuu, kisha kinachobaki anakigawa sawasawa kwa wote. Mita ndogo zilijumlisha 11,133. Mita kuu 18,400. Kilichobaki 7,267. Gawa kwa 27, kila mmoja 269, kama shilingi 80,900. Mama wa vitenge alikuwa akilipa shilingi 54,000 za umeme wake mwenyewe na 80,900 za umeme ambao hakuna aliyeweza kumwambia ni wa nini.

Kosa si kugawa. Kosa ni kukipa kilichobaki jina la "matumizi ya pamoja" wakati hakijapimwa. Ndani ya kilichobaki mna vitu vya aina nne tofauti kabisa: matumizi halisi ya pamoja kama lifti na pampu, upotevu wa kawaida kwenye nyaya, matumizi ya mpangaji ambayo mita yake haikuyaona, na umeme unaoharibika bila mtu kujua. Vitu hivyo vina wenyewe tofauti, na ukivichanganya, mwenye kosa hupotelea ndani ya kundi. Kazi nzima ya kupanga mita ndogo ni kukipunguza kilichobaki mpaka kibaki kidogo kiasi kwamba hakuna sababu ya kukigombania.

Kabla ya kununua mita yoyote nilizunguka jengo siku mbili nikiwa na msimamizi, karatasi na mita ya kubana, ile inayobana waya kwa nje na kupima mkondo. Tulianza kwenye bodi kuu, tukafuata kila waya mnene mpaka bodi ndogo anayoilisha, tukachora. Kisha, kwa taarifa na ruhusa ya kila mpangaji, tukafanya jaribio la kuzima. Unazima breka ya mpangaji mmoja, unaangalia mambo mawili: je, kila kitu chake kimezimika, na je, kuna kitu cha mwingine kilichozimika naye? Hili jaribio halihitaji utaalamu mkubwa na linafichua mengi kuliko kifaa chochote. Duka moja lilipozimwa, bango lake la taa nje liliendelea kuwaka, maana lilikuwa limeungwa kwenye taa za ukumbi. Ofisi moja ya ghorofa ya pili ilikuwa na friji ndogo inayolishwa na soketi ya mlinzi kupitia waya uliopita juu ya dari. Si lazima iwe wizi. Mara nyingi ni fundi wa zamani aliyeona soketi ya karibu ndiyo hiyo. Lakini hakuna mita itakayorekebisha waya uliofungwa mahali pasipo pake, kwa hiyo nyaya hurekebishwa kwanza.

Kipande kikubwa tulikikuta kwenye mgahawa. Duka au nyumba hutosha mita ya fezi moja ambayo umeme wote unapita ndani yake, hadi ampea 60 hivi. Mgahawa wenye tanuri la mikate, majokofu na viyoyozi unazidi hapo, kwa hiyo hutumia mita ya fezi tatu inayopima kwa pete. Kila waya wa fezi unapita ndani ya pete moja, na pete inaipelekea mita mkondo mdogo unaolingana na ule mkubwa. Pete za mgahawa huu ziliandikwa 150/5, maana yake ampea 150 za waya zinaonekana kama 5 kwenye mita, na mita inatakiwa iambiwe izidishe kwa 30.

Pete ina uso na mgongo. Ukiivalisha kinyume, mita inaona umeme wa fezi hiyo ukirudi badala ya kwenda, na inautoa kwenye jumla. Fezi tatu zikiwa zimebeba mzigo unaokaribiana, moja ikiwa kinyume unapata moja jumlisha moja toa moja: mita inasoma theluthi ya ukweli. Mita ya mgahawa ilikuwa ikiandika uniti 1,433 kwa mwezi. Tulipobonyeza kitufe cha skrini kupita kila fezi, ya kwanza ilionyesha kilowati 5.1, ya tatu 4.8, na ya pili ikaonyesha alama ya kutoa mbele ya 4.9. Alama hiyo ilikuwa imekaa pale tangu mita ifungwe. Matumizi halisi ya mgahawa yalikuwa 4,300. Uniti 2,867 kila mwezi zilikuwa zikianguka kwenye kapu la pamoja, na mama wa vitenge na wenzake wakizilipa.

Makosa ya pete yana ndugu zake. Mtu akifunga pete za 200/5 na kuacha mita ikizidisha kwa 30, mita itasoma robo pungufu daima, na hakuna alama itakayokushtua. Au pete ya fezi ya kwanza inaunganishwa na volti ya fezi ya pili, na mita inatoa namba inayofanana na ukweli lakini siyo. Dawa ni moja: siku ya kufunga, pima kila fezi kwa mita ya kubana, linganisha na skrini, piga picha maandishi ya pete pamoja na skrini, kisha weka lakiri. Picha hizo zihifadhiwe na mwenye jengo na mpangaji pia. Nusu saa hiyo ingewaokolea wapangaji wa jengo hili fedha nyingi.

Tulipomweleza mwenye mgahawa, alikasirika, na sikumlaumu. "Mita mlifunga ninyi," akasema, "mimi nimelipa kila mlichoandika." Ni kweli. Mwishowe waliafikiana kwamba alipe kipimo sahihi kuanzia siku ya marekebisho, na kwamba mwenye jengo ndiye awapunguzie wapangaji wengine miezi iliyopita, kwa kuwa mita ilikuwa yake na fundi alikuwa wake. Naona ndiyo haki. Mpangaji hawezi kuwajibishwa kwa mita asiyoruhusiwa kuifungua.

Tukiondoa zile 2,867, kilichobaki kinashuka hadi 4,400. Hapo ndipo tulipofunga mita nne kwa ajili ya vitu vya pamoja vyenyewe: moja ya lifti, moja ya pampu ya maji, moja ya taa za ngazi, maegesho, kamera na kibanda cha mlinzi, na moja ya viyoyozi vya korido za ofisi. Watu wengi huweka mita kwa wapangaji na kuacha sehemu ya pamoja bila mita, wakidhani itapatikana kwa kutoa. Mimi nashauri kinyume: ukiwa na fedha kidogo, anza na vya pamoja, kwa sababu huko ndiko kusikoangaliwa na mtu.

Mwezi wa kwanza lifti ilisoma 780, taa na kamera 640, viyoyozi vya korido 1,420, na pampu 960. Jumla 3,800. Ukijumlisha na 14,000 za wapangaji unapata 17,800, na kilichobaki sasa ni 600 tu, asilimia 3.3 ya mita kuu. Hizo zinaelezeka: joto la nyaya, mita zenyewe ambazo kila moja hula wati moja au mbili mchana na usiku, na hitilafu ya mita za daraja la 1 ambazo zinaruhusiwa kukosea asilimia moja huku au kule. Mimi huridhika na asilimia 2 hadi 4. Ikifika 6 naanza kutafuta. Ikiwa chini ya sifuri, yaani mita ndogo zimezidi kuu, kuna pete iliyozidishwa vibaya, au jenereta imewaka na mtu amesahau kuitoa.

Kuna mtego mmoja mdogo hapa. Jengo hili hutumia uniti 613 kwa siku. Mlinzi akisoma mita kuu Jumatatu na kumalizia mita ndogo Jumanne jioni, tofauti ya siku moja peke yake inalingana na upotevu wote wa mwezi. Ndiyo sababu kubwa ya kuunganisha mita kwa waya wa mawasiliano na kuzisoma kwa pamoja kila nusu saa. Mita nyingi za siku hizi zina sehemu mbili za waya kwa ajili hiyo, na utaratibu wa mazungumzo uitwao Modbus ambao karibu kila kifaa cha kukusanyia kinauelewa. Waya upite mita hadi mita kama uzi wa shanga, usitawanyike kama matawi. Kila mita ipewe namba yake pekee. Mita mbili zikiwa na namba moja hujibu kwa pamoja na hakuna inayosikika. Na kila tarehe ya kufunga mwezi, mtu azisome mita chache kwa macho alinganishe na kompyuta. Mitandao hukatika, na kompyuta ikikosa data huweza kuandika sifuri bila aibu.

Faida ya kusoma kila nusu saa niliiona kwenye pampu, na hiki ndicho kisa ninachokipenda kuliko vyote. Jengo lina kisima chake, na pampu ya kilowati 3 inasukuma maji moja kwa moja hadi tangi la juu ya paa. Jumla ya kimo ni kama mita 100. Kuinua mita moja ya ujazo ya maji kimo hicho, kwa pampu ya kawaida ambayo inapoteza zaidi ya nusu ya umeme wake, ni kama uniti 0.7. Mita za maji za wapangaji zilijumlisha mita za ujazo 480. Kwa hiyo pampu ilipaswa kula uniti 336. Ilikula 960.

Tulifungua mchoro wa siku. Wakati jengo limelala, saa saba usiku, saa nane, saa tisa, mstari wa pampu ulikuwa umekaa palepale kwenye kilowati 3, haushuki. Msimamizi alipanda paa na tochi. Boya linalotakiwa kuzima pampu tangi likijaa lilikuwa limekwama kwenye bomba, na maji yalikuwa yakitoka kwenye mdomo wa kufurikia na kushuka kimya kimya kwenye bomba la mvua. Hakuna sakafu iliyolowa, hakuna aliyeyasikia. Uniti 624 kwa mwezi, kama shilingi 187,000, zilikuwa zikipandishwa juu ya paa kisha zinamwagwa mtaroni. Boya jipya lilifungwa siku ile ile.

Hizo 624 ni za nani? Msimamizi alitaka zigawanywe, kwa kuwa pampu ni ya wote. Nilikataa, na bado nakataa. Mpangaji hana ufunguo wa paa. Uharibifu wa kifaa cha jengo ni matengenezo, na matengenezo ni ya mwenye jengo. Akijua kwamba hasara itamwangukia yeye, boya litakaguliwa kila mwezi.

Baada ya kila kitu kupimwa, kugawana kunakuwa rahisi kuliko watu wanavyodhani, kwa sababu kila kifaa kina kipimo chake kinachokifaa. Pampu hufuata maji: kila mita ya ujazo uliyotumia, uniti 0.7. Maduka manane yalitumia mita 24 za ujazo kwa pamoja, kwa hiyo duka moja lina kama uniti mbili, wakati mgahawa uliotumia 110 una 77. Viyoyozi vya korido za ofisi ni vya ofisi sita peke yake, kwa ukubwa wa eneo la kila moja. Taa za ngazi, kamera na mlinzi zinalinda jengo zima, kwa hiyo huenda kwa mita za mraba za kila mpangaji. Eneo la kupangisha ni mita za mraba 2,400, duka la vitenge lina 30, sehemu yake ya zile 640 ni uniti nane. Upotevu wa 600 hufuata matumizi, kwa sababu anayetumia zaidi ndiye anayepasha nyaya joto zaidi.

Lifti ndiyo iliyozua mjadala. Tulikubaliana kwa ghorofa: ya kwanza uzito wa moja, ya pili mbili, hadi ya tano uzito wa tano, maduka ya chini sifuri. Uzito wote ni 15, uniti 780 gawa kwa 15 ni 52. Nyumba ya ghorofa ya tano inalipa 65, ya tatu 39. Bwana mmoja wa ghorofa ya tano alihoji, na hoja yake ilikuwa nzuri: lifti ya jengo dogo hutumia umeme mwingi ikiwa imesimama tu, kwa taa, feni na ubongo wake, na hilo halina uhusiano na urefu. Ni kweli, mpango wa uzito si sayansi kamili. Ungeweza kugawa nusu sawasawa na nusu kwa urefu. Cha msingi ni kwamba kanuni iandikwe kwenye mkataba kabla ya ankara ya kwanza, kwa sababu kanuni inayotungwa baada ya namba kuonekana itaonekana imetungwa kwa ajili ya mtu fulani.

Na chumba kisichokuwa na mpangaji? Sehemu yake ya taa, lifti na mlinzi hulipwa na mwenye jengo. Isigawanywe kwa waliobaki. Nimeona jengo ambalo ofisi tatu zilihama na waliosalia wakapandishiwa gharama ya pamoja, kana kwamba wao ndio waliowafukuza.

Kilichobaki ni kile kilele cha kVA 62. Pamoja na kodi ni shilingi 1,134,900, kama moja ya tano ya ankara nzima, na mara nyingi huyeyushwa ndani ya bei ya uniti bila mtu kukiangalia. Michoro ya nusu saa ilionyesha kilele hutokea kati ya saa tano na saa saba mchana, tanuri la mgahawa likiwaka na viyoyozi vya ofisi vikiwa vimepamba moto. Kwa makadirio ya wakati ule, mgahawa ulibeba 21, ofisi 19, maduka 8, vitu vya pamoja 10, na nyumba zote kumi na mbili 4 tu, maana wenyewe wako kazini na watoto shuleni. Ukigawa gharama ya kilele kwa uniti, nyumba zina asilimia 17 ya uniti za jengo na zitalipa kama shilingi 193,000. Ukigawa kwa waliokuwepo kileleni, zitalipa 73,000. Tofauti ni kama shilingi 10,000 kwa kila familia kila mwezi. Zile kVA 10 za vitu vya pamoja nazo hurudi kwa wapangaji kwa kanuni zilezile za lifti, pampu na taa.

Tahadhari moja: usitumie nusu saa moja pekee. Siku moja familia mbili zinaweza kupiga pasi wakati mbaya na kubebeshwa mwezi mzima. Chukua nusu saa tano za juu kabisa za mwezi, tafuta wastani wa kila kundi, gawa kwa huo. Baada ya kuona hesabu yake, mwenye mgahawa alisogeza uokaji mkubwa hadi saa kumi na moja alfajiri. Kilele cha mwezi uliofuata kilikuwa 54. Kwa kVA nane zilizopungua, ankara ya jengo ilishuka kwa shilingi 146,000, na kwa kuwa kilele sasa kinafuata aliyekisababisha, sehemu kubwa ya nafuu hiyo ilikwenda kwake. Hata hasira ya pete iliyogeuzwa ilipoa kidogo.

Jenereta inahitaji neno lake, kwa sababu mita ndogo haijui umeme umetoka wapi. TANESCO ikikatika na jenereta ikiwaka, mita ya mama wa vitenge inaendelea kuhesabu vilevile, lakini mita kuu imesimama. Jenereta ya kati inayofanya kazi kwa mzigo mzuri hula kama lita 0.35 kwa uniti. Dizeli ikiwa shilingi 2,800 kwa lita, hiyo ni 980 kabla ya oili na fundi, zaidi ya mara tatu ya bei ya gridi. Tafuta mita zenye hesabu mbili, zinazopokea ishara kutoka kwenye swichi ya kubadilishia na kuandika uniti za jenereta kando. Kama huna, rekodi za nusu saa pamoja na kitabu cha saa za jenereta zinatosha kutenganisha. Bila hivyo, anayezima viyoyozi umeme ukikatika atakuwa anamlipia asiyezima.

Mwezi uliofuata nilimpelekea mama wa vitenge karatasi mpya. Ilikuwa na mistari minane badala ya mitatu: usomaji wa mwanzo na wa mwisho wa mita yake, uniti 180, taa na kamera 8, maji 2, upotevu 6, lifti sifuri, kilele, na chini kabisa mita kuu ya jengo pamoja na asilimia iliyobaki bila maelezo. Kutoka shilingi 135,000, jumla yake ilikuwa chini ya 60,000. Aliisoma mstari kwa mstari, akatoka na simu hadi kwenye kabati la mita nyuma ya ngazi, akapiga picha namba yake, akarudi kulinganisha. Kisha akauliza ile asilimia tatu ya mwisho ni ya nani. Nikamweleza habari ya nyaya na joto. Akaniambia mwezi ujao nayo ataiangalia kama imepanda.